Hotuba ya kutangaza ada ya bima kulipwa kwa simu: mawakala na wateja wapo ukumbi mmoja, nisomeeni rasimu

Kibena72 (mwanzisha uzi)

Wakuu, shikamooni wakubwa, wadogo habari zenu.

Mimi ni meneja wa tawi la kampuni ya bima ya maisha huku Nyanda za Juu Kusini. Jina la kampuni tuliache. Jumamosi ya wiki ijayo nina kikao na mawakala wangu 14 pamoja na wateja kama 80 hivi, wengi walimu, wauza mbao na wakulima wa parachichi. Makao makuu wameleta waraka: kuanzia tarehe 1 mwezi ujao ada ya kila mwezi inalipwa kwa simu, kwa namba ya kampuni. Mpaka leo wakala anazunguka na kitabu cha risiti akikusanya mkononi, au mteja anakuja dirishani kwetu. Nimeandika hivi:

> "Ndugu wateja wetu wapendwa, kampuni yetu ikiwa kinara wa huduma bora na za kisasa, ina furaha kubwa kuwatangazia mfumo mpya wa kidijitali wa kulipia ada kupitia simu za mkononi. Mfumo huu ni rahisi, salama na wa haraka. Sasa hamtahitaji tena kumsubiri wakala. Bonyeza nyota mia na hamsini nyota sifuri sifuri reli, chagua nne, kisha chagua moja, weka namba ya kampuni, weka kumbukumbu namba, kiasi, namba ya siri, basi umemaliza. Karibuni twende na wakati."

Inatosha, au kuna kitu nimeruka? Msinionee haya.

Mama Kulwa

Mimi ni wakala wa bima mwaka wa tisa huu, tena si wa kampuni yako, kwa hiyo nitasema bila kuogopa. "Hamtahitaji tena kumsubiri wakala" unalisema mbele ya mawakala 14? Umewafukuza kazi hadharani. Ukimaliza sentensi hiyo hakuna wakala atakayesikia nyingine. Wote watakuwa wanapiga hesabu ya kamisheni, na jioni watapita kwa wateja wakiwaambia mfumo una matatizo.

Halafu usijifanye hujui. Wengi wetu tulizoea kukata kamisheni juu kwa juu. Umekusanya laki tatu, unakata chako, unapeleka kilichobaki. Si utaratibu, lakini ndivyo watu walivyoishi, na mameneja walikuwa wanaona. Hela ikienda moja kwa moja, wakala anasubiri mwisho wa mwezi. Hilo ndilo linalouma, teknolojia yenyewe wala haina shida.

DebeTupu

Sasa hotuba ya nini jamani. Nchi hii imeanza kutuma hela kwa simu tangu 2008, hata bibi yangu analipa umeme kwenye kitochi. Mteja analipa, meseji inaingia, bima iko hai. Andika kwenye karatasi ubandike mlangoni, kikao mle pilau.

Dogo wa Gereji

Wadau naomba msaada hapohapo. Nimelipia bima ya pikipiki kwa simu juzi, hela imekatwa, stika sijaiona mpaka leo. Trafiki akinikamata nimwoneshe meseji?

Mhasibu Mstaafu

@Dogo wa Gereji, yako ni bima ya chombo, huyu anaongelea bima ya maisha. Siku hizi stika ni ya kielektroniki. Ingia TIRAMIS, mfumo wa mamlaka ya bima, tafuta kwa namba ya pikipiki yako. Usipoiona, basi aliyekuuzia hajaiingiza. Mrudie leo, na usiendeshe ukitegemea meseji ya mtandao.

@DebeTupu, umepata nusu. Meseji ya mtandao inakuambia hela imetoka kwako na imefika kwenye namba ya kampuni. Haikuambii imeingia kwenye mkataba wa nani. Nimekaa hesabu za kampuni ya bima miaka mingi, na kila asubuhi tulikuwa tunafungua orodha ya malipo yaliyokosa mwenyewe. Mtu ameandika namba ya mkataba kakosea tarakimu moja, mwingine kaandika jina lake, mwingine kaandika namba ya simu ya wakala. Hela ipo benki kwetu, salama kabisa, lakini inaning'inia. Huku kompyuta inasoma kwamba mteja hajalipa, na siku zinahesabika.

Meneja, kabla hujaandika neno lingine la hotuba, piga simu makao makuu uulize swali moja: namba yetu ya kampuni imeunganishwa na kila mtandao kwa namna gani? Kuna namna mbili. Ya kwanza, mteja akiandika namba ya mkataba, mtandao unauliza mfumo wenu kama namba hiyo ipo. Haipo, malipo yanakataliwa palepale. Ipo, linatokea jina la mwenye mkataba kabla ya namba ya siri. Namna ya pili, mtandao unapokea chochote alichoandika, hata "mama Asha ada ya mwezi", halafu wahasibu wenu watafute wenyewe. Hotuba ya namna ya kwanza ni fupi. Ya pili lazima useme mteja afanye nini risiti isipokuja. Na usishangae ukikuta mtandao mmoja uko hivi na mwingine vile.

Dada Tuli

Huyo mzee hapo juu asikilizwe. Yaliyotukuta nitayaeleza, kampuni siitaji.

Kaka yangu alikuwa na bima ya maisha, ada 45,000 kwa mwezi, tarehe yake ya kulipa 5. Aprili alichelewa, biashara ya mbao ilikuwa imelala. Mkataba ulimpa siku 30 za kuchelewa, yaani mpaka 5 Mei. Tarehe 2 Mei akalipa kwa simu. Yake ilikuwa haina chaji, akatumia kitochi cha mwanawe. Kwenye namba ya mkataba akabonyeza 6 mahali pa 9. Meseji ikaja kwenye simu ya mtoto, mtoto akaifuta pamoja na nyingine, kitochi kilikuwa kimejaa.

Tarehe 11 Mei akapata ajali ya pikipiki, akafariki. Tulipofuatilia tukaambiwa mkataba ulikatika tarehe 5. Ada ya Aprili haionekani. Tulibaki tunatazamana, maana mtoto anakumbuka kabisa baba alivyolipa, hata walivyobishana kuhusu salio.

Kilichotuokoa ni mtu mmoja pale dirishani aliyetuambia twende duka la mtandao na mwenye laini, na kitambulisho chake, tuombe taarifa ya miamala ya mwezi Mei. Tukaipata. Imeandikwa tarehe 2, saa, 45,000, namba ya kampuni, na ile kumbukumbu namba yenye kosa. Tukairudisha kwao. Wahasibu wakaikuta hela inaning'inia, kiasi kilekile, saa ileile. Baadaye mjane alilipwa. Lakini ile miezi ya kwenda na kurudi, na watu msibani wananong'ona kwamba marehemu hakulipa, hiyo hairudi.

Mhasibu Mstaafu

Pole sana dada. Wasomaji waone kitu kimoja hapo: namba ya kampuni ilikuwa sahihi. Hela iliifikia kampuni ya bima ndani ya siku 30. Kosa lilikuwa la anwani ya ndani, na hilo linarekebishika ukiwa na ushahidi. Angekuwa kaituma kwenye laini binafsi ya wakala, na wakala hajaipeleka, kesi ingekuwa nyingine kabisa.

Mama Kulwa

Hapo sikubaliani mia kwa mia. Wakala akiwa na kitambulisho cha kampuni na kitabu cha kampuni, akipokea ni kampuni imepokea. Huwezi kumtuma mtu akusanye kisha umkane.

Mhasibu Mstaafu

Kwa kitabu cha risiti nakubaliana nawe. Kwa hela iliyotumwa kwenye laini binafsi bila risiti, nimeona ikiamuliwa upande huu na upande ule. Ndiyo sababu sitaki mteja afike huko.

Fundi Saa

Mengine madogo ya hotuba yenyewe.

Usisome "chagua nne, chagua moja". Menyu zinabadilishwa kila leo. Sema jina la kitu: lipa bili, namba ya kampuni, namba ya kumbukumbu. Tena umetaja mtandao mmoja tu, `*150*00#`. Mwenye Airtel anaingia `*150*60#`, HaloPesa `*150*88#`, na Tigo Pesa ingawa sasa inaitwa Mixx bado ni `*150*01#`. Ukumbini watu 80 hawawezi kunakili namba unazozitamka. Wachapie kadi.

La pili, neno "wakala". Ukisema "usimpe wakala hela", nusu ya ukumbi itafikiria wakala wa M-Pesa pale kibandani. Mtu hana salio, ataendaje kuweka hela? Sema wakala wa bima kila mara, hata kama unachoka.

La tatu, makato. Nani analipa? Kama ni mteja, yanakatwa juu ya ada. Mwenye 45,000 kamili kwenye simu atajibiwa salio halitoshi. Ataandika 44,000 ili ipite. Hapo mwezi haujalipwa.

DebeTupu

Sawa, nimenyoshwa. Ila msisahau wale wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Ukitangaza ukumbini kwamba kampuni fulani sasa inalipwa kwa simu, jioni hiyohiyo matapeli nao wanaanza kazi.

Kibena72

Wakuu, kimya changu ni cha simu za makao makuu. Nilipiga mara nne.

Mhasibu Mstaafu, ulisema kweli tupu. Mitandao miwili inahakiki namba ya mkataba na jina linatokea. Mmoja bado unapokea chochote, na malipo yake yanaingizwa siku ya kazi inayofuata baada ya wahasibu kuyapitia. Makato ni ya mteja. Nimeomba kampuni iyabebe walau miezi mitatu ya mwanzo, wamekataa. Kamisheni inafuata namba ya wakala iliyo kwenye mkataba, haijali nani kapeleka hela, na inalipwa mwisho wa mwezi. Nikawabana kwa hoja ya Mama Kulwa, nikapata hiki: kwa miezi miwili ya kwanza italipwa mara mbili kwa mwezi, tarehe 15 na mwisho wa mwezi. Pia kila asubuhi wakala atapata orodha ya wateja wake waliolipa na ambao bado.

Vijiji visivyo na mtandao hawajanijibu. Kadi zimekwenda kuchapwa, kila mteja na namba yake. Hii hapa rasimu ya pili:

> Wazee wangu, shikamooni. Mabibi na mabwana, mawakala wenzangu, asanteni kwa kuja. Najua leo ni siku ya soko, sitawaweka.
>
> Nina jambo moja. Kuanzia tarehe 1 mwezi ujao, ada ya bima yako utailipa kwa simu, na itakwenda moja kwa moja kampuni. Asiyependa simu, dirisha letu pale tawini liko wazi kama siku zote. Kitakachokoma ni vitu viwili: kumpa wakala wa bima hela mkononi, na kumtumia wakala wa bima hela kwenye laini yake.
>
> Kabla sijafika kwenye simu, niseme na mawakala wa bima, na nataka wateja wao wasikie. Kamisheni yako haijaguswa. Inafuata namba yako iliyoandikwa kwenye mkataba wa mteja, awe amelipa kwa simu, dirishani au kwa simu ya jirani. Kitakachobadilika ni siku ya kuipata, na sitawaficha, kwa aliyezoea kuipata kila siku kidogo kidogo itauma. Miezi miwili ya kwanza tutalipa tarehe 15 na mwisho wa mwezi. Na wewe mteja, wakala wako atakuja kama kawaida. Atakuja kukuuliza kama risiti ilifika, kubadilisha jina la mrithi, kukusaidia kudai. Hatakuja kubeba hela.
>
> Sasa shikeni kadi mlizopewa mlangoni. Ina namba mbili. Ya juu ni namba ya kampuni, ni moja kwa wote. Ya chini ni namba ya mkataba wako, ni yako peke yako, usimwazime mtu. Kwenye simu utakwenda penye kulipa bili. Utaulizwa namba ya kampuni, andika ya juu. Utaulizwa namba ya kumbukumbu, andika ya chini. Utaulizwa kiasi, andika ada yako kamili. Hakikisha kwenye simu una zaidi kidogo ya ada, kwa sababu mtandao unakata makato yake na makato hayo analipa mteja. Usipunguze ada ili makato yatoshe. Mwenye ada ya 45,000 akilipa 44,000, mfumo unasoma mwezi bado.
>
> Kabla ya kuweka namba ya siri, simama. Tazama kioo. Kwa mitandao miwili iliyowekewa alama ya kijani kwenye kadi, utaona jina la kampuni na jina lako. Ukiona jina la mtu mwingine, toka, anza upya. Kwa mtandao ambao hauna alama ya kijani, utaona jina la kampuni tu. Huko soma ile namba ya chini tarakimu kwa tarakimu, na kama macho yamechoka mwite mtoto akusomee. Unaweza kutumia simu ya mke, ya mtoto, hata ya kibandani kwa wakala wa kuweka na kutoa pesa. Hatutazami simu ni ya nani, tunatazama namba ya mkataba.
>
> Ukishalipa utapata meseji mbili. Ya kwanza ni ya mtandao, inasema hela imetoka. Ya pili ni yetu, inakuja kwenye simu uliyoandikisha kwetu, inataja namba ya mkataba wako na mwezi uliolipiwa. Hiyo ya pili ndiyo risiti. Kwa mitandao ya alama ya kijani inakuja siku hiyohiyo. Kwa ule mwingine, siku ya kazi inayofuata. Isipofika, usilipe mara ya pili. Usifute ile ya kwanza. Ilete dirishani au mpe wakala wako wa bima namba ya muamala, tutaitafuta hela yako ilipo. Mara nyingi ni tarakimu moja tu imekosewa.
>
> Sasa tarehe. Mikataba yenu mingi inampa mteja siku 30 baada ya tarehe ya kulipa. Mwenye tarehe 5 Aprili anafika 5 Mei. Zikipita, mkataba unakatika, na kuufufua ni kulipa malimbikizo yote na kujaza upya fomu ya afya. Hela iliyofika kwetu ndani ya siku hizo imefika, hata kama namba ilikosewa, mradi tuweze kuonesha ni yako. Ndiyo sababu nawaomba msingoje siku ya 29. Ukikosea mapema tuna muda wa kurekebisha.
>
> Vitabu vya risiti vya mawakala wa bima vinarudi tawini tarehe 30 mwezi huu, na karatasi ambazo hazijatumika zitahesabiwa kwa namba zake. Ukiandikiwa risiti ya kitabu baada ya siku hiyo, nipigie mimi.
>
> Na mtu akikupigia akasema ni wa kampuni, anataka namba yako ya siri, au ukapata meseji kwamba namba ya kampuni imebadilika, ile hela tuma kwenye namba hii, jua si sisi. Namba ya kampuni ikibadilika mtaisikia kwangu hapahapa, na mtapewa kadi nyingine.
>
> Nimemaliza kusema. Toeni simu. Tutafanya pamoja mpaka pale jina linapotokea, halafu kila mtu atatoka bila kuweka namba ya siri. Ambaye jina lake halijatokea vizuri anyooshe mkono, kijana atakuja alipo.

Fundi Saa

Hii sasa ni hotuba. Hilo zoezi la mwisho weka dakika 20, maana mtandao wa ukumbini watu 80 wakibonyeza kwa pamoja utagoma. Wagawe safu kwa safu.

Mama Kulwa

Nimesoma kile kipande cha mawakala mara mbili. Umesema "itauma". Hakuna meneja aliyewahi kutuambia hivyo, huwa wanatuambia ni fursa.

Ila umeliacha la vijijini. Nina wateja 23 mahali ambapo mtandao unashika juu ya kilima tu, na wazee hawana hata kitochi. Walikuwa wananipa hela siku ya gulio. Sasa niwaambie wapande basi la 6,000 kuja dirishani kulipa ada ya 20,000? Nitapokea, nitawalipia kwa simu yangu nikifika barabarani. Nipe njia nyingine kama ipo.

Mhasibu Mstaafu

Ukilipa kwa simu yako, lipa kila mkataba peke yake na kumbukumbu namba yake. Usikusanye 23 ukalipa mkupuo mmoja. Mkupuo mmoja hauna mwenyewe, utaning'inia wote.

Mama Kulwa

Hilo najua. Ninachouliza ni kama nitakuwa nimevunja amri ya meneja.

Kibena72

Kwa hotuba ilivyo, ndiyo utakuwa umevunja. Na mimi ninao kama wewe, mawakala watatu wa namna hiyo. Nilipendekeza makao makuu wawaruhusu hao tu, wapokee kwa kitabu maalumu chenye rangi tofauti na walipe kwa simu siku hiyohiyo kabla ya saa 12 jioni. Wanasema wakifungua dirisha dogo, mawakala wote watapitia humo. Hawajakosea sana, lakini mzee wa kilimani naye hajakosea. Jumamosi nitasema tu kwamba jambo hilo liko mezani.

DebeTupu

Tunasubiri mrejesho. Na pilau.

Kibena72

Mrejesho. Walikuja 71, na pilau ilikuwepo, DebeTupu.

Zoezi lilichukua dakika 35. Watu 6 majina yao hayakutokea. Wanne walikuwa wameandika namba ya kampuni mahali pa namba ya mkataba. Mmoja kadi yake ilichapwa vibaya, kosa letu. Wa sita jina lilitokea la marehemu baba yake, maana alikuwa analipia mkataba wa mzee kwa miaka miwili akidhani ni wake. Hilo ni uzi mwingine.

Mawakala walikaa kimya nilipofika penye kamisheni, kisha mmoja akauliza kwa sauti mbele ya wote kama tarehe 15 ikiangukia Jumapili watalipwa Ijumaa au Jumatatu. Nikajibu Ijumaa bila kuuliza mtu. Sasa namtafuta mhasibu wetu anikubalie.

Lililonibana ni mzee mmoja wa mbao, kiti cha nyuma. Alisubiri wenzake wamalize akasema: "Meneja, hiyo risiti inakuja kwenye simu yangu. Simu yangu ina namba ya siri, mke wangu haijui. Siku nikifa, yeye atajuaje kama nilikuwa nimelipa?" Nikamkumbuka Dada Tuli. Kwenye mfumo wetu nafasi ya namba ya simu ni moja tu, hakuna ya pili. Nilimwambia kwa sasa aandike tarehe na namba ya muamala nyuma ya kadi kila akilipa, kadi ikae kabatini na hati ya bima.

Dada Tuli

Kadi ina mistari mingapi nyuma?

Kibena72

Haina. Ni tupu, ina nembo tu. Kesho asubuhi nampigia mchapaji.